Kipimo cha G6PD Kinapodanganya

Tumchukue kijana wa miaka 20 aliyeanzishiwa dapsoni. Siku ya tatu mkojo wake ukawa mweusi kama kahawa, macho yakageuka manjano, na himoglobini ikashuka kutoka 13 hadi 7. Daktari akaisimamisha dawa. Siku ya kumi, kijana alipoanza kupata nafuu, akapimwa G6PD kwa kipimo cha doa. Majibu yakaja: hana upungufu. Kumbe anao.

G6PD ni kimeng'enya kinachoikinga chembe nyekundu ya damu isiharibiwe na kemikali za baadhi ya dawa, zikiwemo dapsoni na primakwini. Jini lake limo kwenye kromosomu ya X, ndiyo maana wanaume ndio huathirika zaidi.

Kipimo chenyewe, alichokieleza Ernest Beutler mwaka 1966, ni chepesi. Mtaalamu wa maabara huchanganya tone la damu na kitendanishi, kisha hudondoshea kidogo kwenye karatasi ya kuchujia: mara moja, baada ya dakika 5, na tena baada ya dakika 10. Karatasi ikikauka, huiangalia gizani chini ya taa ya urujuanimno. Kimeng'enya kikiwepo, hutengenezwa NADPH, na doa hung'aa. Kikiwa kidogo sana, doa hubaki giza.

Tatizo ni kwamba kinachopimwa ni chembe zilizopo kwenye damu siku hiyo. Chembe nyekundu huishi takriban siku 120 na haiwezi kujitengenezea kimeng'enya kipya, hivyo kadiri inavyozeeka ndivyo G6PD yake inavyopungua. Kwa aina ya upungufu iliyoenea zaidi Afrika, iitwayo A-, chembe changa huwa na kimeng'enya cha kutosha, ila hukipoteza upesi. Dawa iliziangamiza chembe kongwe za kijana wetu, na uboho ukamwaga changa kuziba pengo. Tone lililochukuliwa siku ya kumi lilijaa chembe hizo changa, ndipo doa likang'aa. Angeongezewa damu, doa lingeweza kung'aa kwa chembe za mchangiaji.

Dalili ya udanganyifu huu huonekana maabara hiyohiyo: hesabu ya chembe changa. Kwa kawaida hazizidi sana asilimia 2. Zikifika 15, jibu la "hana upungufu" halina uzito. Lakini doa likibaki giza hata katika hali hiyo, upungufu upo kweli.

Kijana huyu arudie kipimo baada ya miezi mitatu hivi, chembe zake zikiwa zimerudi kwenye mchanganyiko wa kawaida wa umri. Mahali penye kipimo cha vinasaba, kinaweza kufanywa mapema, kwa kuwa umri wa chembe haukibadilishi. Hadi hapo, jalada lake liandikwe "anashukiwa kuwa na upungufu wa G6PD", na asirudishiwe dapsoni wala kupewa primakwini.