Uvira: Kusoma ukurasa wa ujuzi kabla ya kuajiri msaidizi wa utawala

Biro moja ndogo ikitangaza nafasi ya msaidizi wa utawala mjini Uvira, dosie zinafika kutoka Kalundu hadi Kavimvira, na nyingine kutoka Kiliba, Sange na Baraka. Anayezifungua anaona haraka jambo moja: kwenye sehemu ya ujuzi, sivi (wasifu wa kazi) za watu wasiojuana zinafanana karibu neno kwa neno. Word, Excel, PowerPoint, Intaneti. Kifaransa vizuri sana, Kiingereza vizuri kidogo. Moyo wa kufanya kazi pamoja. Kuweza kufanya kazi chini ya shinikizo.

Watu hao si lazima wawe wamedanganya. Wengi hawana kompyuta nyumbani, na sivi yao imepigwa kwenye sekretaria ya umma, vile vibanda vya kuandikisha barua na kutoa fotokopi. Mwenye kibanda ana mfano mmoja kwenye mashini yake. Anabadilisha jina, tarehe ya kuzaliwa na shule, lakini sehemu ya ujuzi anaiacha ilivyo. Kwa hiyo ukurasa uliopangwa vizuri, wenye mistari iliyonyooka na rangi ya buluu, unaonyesha ufundi wa mwenye kibanda. Kuhusu muombaji mwenyewe haujasema kitu bado.

Swali basi ni hili: anayechagua atajuaje nani ana ujuzi na nani ana orodha tu?

Kazi inaanza kabla ya kufungua dosie hata moja, kwenye maelezo ya kazi yenyewe. Matangazo mengi huomba "ujuzi wa kompyuta", na anayeomba kwa maneno matupu hujibiwa kwa maneno matupu. Inafaa kuandika kile msaidizi atakachokifanya siku ya Jumatatu. Kwa biro ndogo ya Uvira, mara nyingi mambo matatu ndiyo yanayobeba kazi yote: kuandika kila siku kitabu cha kesi ya pesa, ambamo dola na faranga za Kongo zinapita pamoja, kutunza rejista ya barua zinazoingia na zinazotoka, kila moja na namba yake, na kuandika kwa Kifaransa barua fupi au ripoti ya kikao ambayo shefu anaweza kuitia sahihi bila kuiandika upya.

Mengine, kama kutumia skana au kuunganisha projekta, mtu mwenye akili anajifunza kwa siku chache. Kifaransa cha kuandika na nidhamu ya kutunza pesa huchukua miezi au miaka. Ndiyo maana kukosa kutaja skana si sababu ya kumtupa mtu, na kuitaja si sababu ya kumpandisha.

Baada ya hapo, kila ujuzi ulioandikwa unasomwa kwa swali moja: je, kuna alama yake mahali pengine kwenye sivi? Ujuzi wa kweli huacha alama. Unaonekana kwenye kazi fulani, kwa kiasi fulani, kwa muda fulani, na kuna mtu aliyeuona.

Tuchukue mfano wa waombaji watatu, tuliotunga kwa ajili ya maelezo haya.

Wa kwanza ameandika ujuzi 14. Mbele ya Excel ameweka "80%", na mbele ya Kifaransa nyota nne. Asilimia 80 ya nini? Hakuna mtu aliyeipima, ni yeye mwenyewe aliyejipa. Ukirudi kwenye sehemu ya kazi alizofanya, unakuta miaka miwili ya kufundisha na staji ya mwezi mmoja, bila neno lolote kuhusu pesa, rejista au barua. Orodha yake inasimama peke yake.

Wa pili ana mistari minne tu. Mmoja unasema: "Excel: niliandika kitabu cha kesi cha kituo cha afya kwa miezi 18, risiti 40 hivi kwa mwezi, na kukifunga kila Ijumaa pamoja na mhasibu." Hapo kuna kazi, kiasi, muda na shahidi. Kwenye sehemu ya kazi kituo hicho kipo, na tarehe zinalingana. Miongoni mwa watu wa kuulizwa yupo mhasibu. Mstari huu unaweza kuthibitishwa kwa simu moja.

Wa tatu ndiye anayepotea mara nyingi. Sehemu yake ya ujuzi ni ile ile ya kibanda: Word, Excel, Intaneti. Lakini chini, kwenye kazi alizofanya, ameandika kwamba alikuwa karani wa parokia kwa miaka mitano, akitunza rejista na kuandika barua za kila wiki. Hajui kwamba huo ndio ujuzi unaotafutwa, ndiyo maana hakuuandika mahali pake. Anayesoma sehemu ya ujuzi peke yake atamtupa mtu anayeweza kazi.

Kwa sababu hiyo, alama zitolewe kwa sivi nzima. Njia rahisi ni kupima mambo yale matatu ya lazima, kila moja kuanzia 0 hadi 3. Sifuri ni pale ambapo ujuzi hautajwi wala hauonekani popote. Moja ni pale unapotajwa kwa jina tu. Mbili ni pale unapoonekana ndani ya kazi halisi. Tatu ni pale kazi hiyo ina kiasi na muda, na kuna mtu wa kuulizwa. Watu wawili wasome dosie zile zile, kila mmoja peke yake, kisha walinganishe. Pale wanapotofautiana kwa alama mbili, warudi kwenye karatasi pamoja. Mara nyingi mmoja wao alivutiwa na mpangilio, au hakufika ukurasa wa pili.

Kwa lugha, neno "vizuri" halina kipimo. Ngazi za Baraza la Ulaya, zilizochapishwa mwaka 2001 na kupangwa kutoka A1 hadi C2, husaidia pale tu muombaji ana cheti cha mtihani kama DELF. Akiandika B2 bila mtihani, amejipa mwenyewe, sawa na yule wa nyota nne. Hata barua ya kuomba kazi si kipimo, maana nayo inaweza kuwa imetoka kibandani.

Uvira kuna sababu nyingine ya kutotegemea vyeti peke yake. Katika mafuriko ya Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika, nyumba nyingi zilibomoka na maji yakaenda na vitu vya watu, makaratasi yakiwemo. Wengine wamekimbia vita zaidi ya mara moja bila kubeba kitu. Mtu asiye na cheti mkononi si lazima awe mtu asiyejua.

Ndiyo maana kusoma sivi kunafaa kwa kuchagua watu wa kuita, watano au sita, kisha kipimo kidogo cha kazi ndicho kinachotenganisha. Watafiti wa mambo ya kuajiri wamelijadili hili kwa miaka mingi. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter waliweka jaribio la kazi yenyewe kati ya njia zinazotabiri vizuri nani ataweza kazi, mbele sana ya idadi ya miaka ya uzoefu. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walipiga hesabu hizo upya na kushusha makadirio ya njia nyingi, lakini jaribio la kazi lilibaki kati ya zile zinazofaa, pamoja na mahojiano ambayo kila mtu anaulizwa maswali yale yale.

Kipimo chenyewe hakihitaji gharama. Dakika 40, kompyuta moja yenye betri iliyojaa kwa sababu umeme unaweza kukatika, na faili mpya kwa kila mtu. Muombaji anapewa salio la kuanzia la dola 400, kiwango cha mazoezi cha faranga 2 500 kwa dola, na risiti saba: mafuta ya jenereta dola 45, karatasi na wino faranga 62 500, usafiri wa kwenda Baraka dola 30, simu faranga 50 000, usafiri wa ndani ya mji dola 15, usafi faranga 25 000. Ya saba ni risiti ya mafuta tena, fotokopi yenye namba ile ile. Anaombwa kuandika kitabu cha kesi kwa dola na kutoa salio la mwisho.

Faranga zikigeuzwa zinakuwa dola 25, 20 na 10. Matumizi yote ni dola 145, na salio ni 255. Aliyeingiza risiti ya mafuta mara mbili atapata 210. Aliyeandika 62 500 kwenye safu ya dola atapata salio la ajabu, na kama haoni kwamba ni la ajabu, hilo nalo ni jibu. Anayetafutwa ni yule anayeandika 255 na kuongeza pembeni kwamba risiti moja imerudiwa.

Kisha bonyeza kisanduku cha salio. Anayejua Excel ameweka kitu kama hiki:

```
=F2+D3-E3
```

Salio la juu, ongeza kilichoingia, toa kilichotoka. Aliyepiga hesabu kwa simu na kuandika namba kwa mkono, utaikuta namba tupu. Badilisha kiasi cha risiti moja: kwa wa kwanza, masalio yote ya chini yanabadilika, kwa wa pili hakuna kinachosogea. Mwombe pia mistari minane ya Kifaransa, barua kwa muuzaji kuhusu bidhaa iliyochelewa. Hapo hakuna kibanda cha kumsaidia.

Kipimo hiki nacho kina mipaka. Mtu ambaye kwa mwaka mzima hakugusa kompyuta atakuwa mzito kwenye kibodi hata kama hesabu anaijua. Kwa huyo, angalia kama aliona risiti iliyorudiwa na kama safu zake ziko sawa, maana mwendo wa vidole utarudi baada ya wiki chache. Uaminifu wa mtu mbele ya pesa pia hauonekani kwa dakika 40. Huo unaulizwa kwa waliofanya kazi naye, na unaangaliwa katika muda wa majaribio, ambao sheria ya kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 hairuhusu upite miezi sita kwa mfanyakazi mwenye ujuzi.

Kwa anayeomba kazi, somo ni lile lile kwa upande wa pili. Ukienda kupigisha sivi kibandani, usikubali kuachiwa ujuzi wa mfano. Mpe mwenye kibanda mistari yako minne uliyoiandika kwa kalamu nyumbani: ulifanya nini, wapi, kwa muda gani, na nani anaweza kusema kwamba ni kweli. Kama ulikuwa karani wa parokia miaka mitano, hilo ndilo liandikwe juu.