Kijani Kinachobaki Kwenye Nywele

Ukitazama video iliyopigwa mbele ya kitambaa cha kijani kisha ikawekewa mandhari nyingine, nywele ndizo zinazotoboa siri. Mtangazaji amesimama ufukweni Malindi, bahari inang'aa nyuma yake, lakini kichwa kimezungukwa na uzi mwembamba wa kijani. Au kijani kimeisha kabisa, ila nywele zimekatwa mviringo mkavu kana kwamba amevaa kofia ya plastiki. Hizi ni kasoro mbili tofauti zinazotokea mahali pamoja, na kazi nyingi huharibika kwa sababu mhariri anajaribu kuziondoa zote kwa kitufe kimoja.

Programu ya kuondoa kijani inaiuliza kila nukta ya picha swali moja: kijani chako kinazidi nyekundu na buluu kwa kiasi gani? Hesabu hiyo ya tofauti ya rangi iliasisiwa na Petro Vlahos, wakati huo kwa kitambaa cha buluu, na ilitumika katika filamu ya Ben-Hur ya mwaka 1959. Majibu yake hugeuzwa kuwa ramani ya weupe na weusi. Panapokuwa peupe, picha inabaki. Panapokuwa peusi, inatoweka. Pa kijivu, inaonekana nusu na mandhari mpya inapenya nusu.

Kijivu hicho ndicho cha kulindwa. Unywele mmoja ni mwembamba kuliko nukta ya picha, kwa hiyo nukta iliyo pembeni ya kichwa ina unywele kidogo na kitambaa kidogo kwa pamoja. Hakuna jibu la ndiyo au hapana kwa nukta kama hiyo. Mhariri akiona kijivu kwenye ramani hudhani ni uchafu, anaivuta iwe nyeupe au nyeusi, na hapo ndipo nywele zinapogeuka kofia.

Tuchukue mfano. Dada mwenye nywele za asili, hazijasukwa wala kufungwa, amevaa gauni la kitenge cha njano. Mandhari mpya ni anga la mchana. Tunatumia Keylight iliyomo ndani ya After Effects, ingawa programu nyingine nazo hufuata njia hiyohiyo. Kwa kidonoa rangi cha Screen Colour tunachagua kijani kilicho karibu na nywele, si kile cha kona ya kitambaa, kwa sababu mwanga hauangukii kitambaa sawasawa kila mahali. Kisha tunabadilisha View iwe Screen Matte ili tuone ramani yenyewe.

Usoni na kifuani kuna madoa ya kijivu yasiyotakiwa. Wengi huyafuta kwa kushusha Clip White, na kweli yanafutika, lakini vinyweleo vya pembeni navyo vinanenepa na kuwa ukuta mweupe. Ni afadhali kuinakili video mara mbili. Nakala ya juu tunaikata kwa ukali, Clip Black ikipanda na Clip White ikishuka mpaka mwili wote uwe mweupe, kisha tunaipunguza kwa Screen Shrink/Grow ili ukingo wake uishie ndani ya nywele bila kufika kwenye vinyweleo. Nakala ya chini tunaiacha laini, na Clip Black tunaigusa kidogo tu, kiasi cha kufuta ukungu wa kitambaa. Nakala ya juu inaziba mwili, ya chini inabeba nywele, na hakuna hata moja inayolazimishwa kufanya kazi ya mwenzake.

Bado kijani kipo, kwa kuwa kitambaa chenye mwanga mkali hurudisha mwanga wake mabegani, shavuni na kwenye nywele. Huo hauondolewi kwa kukata zaidi. Ni rangi iliyopakwa juu ya mtu, na ukiikata unamkata mtu. Dawa yake ni kukiwekea kijani kikomo:

```
G = min(G, (R + B) / 2)
```

Maana yake, kijani kisizidi wastani wa nyekundu na buluu. Tuseme nukta ya pembeni ya nywele ina nyekundu 45, kijani 102 na buluu 45, kwa kipimo cha 0 hadi 255. Wastani ni 45, kwa hiyo kijani kinashuka hadi 45 na nukta inakuwa ya kijivu iliyokolea, rangi inayokubalika kwa nywele nyeusi. Ngozi ya kahawia yenye 150, 105 na 80 haiguswi, maana wastani wake ni 115 na kijani hakijaufikia.

Sasa tazama gauni. Njano yake ni 220, 190 na 40. Wastani ni 130, kijani kinashushwa kutoka 190, na kitenge cha njano kinakuwa cha chungwa. Mteja ataliona hilo kabla ya nywele. Kwa nguo tunatumia kikomo kilicholegea:

```
G = min(G, max(R, B))
```

Hapa kikomo ni 220, na njano inasalimika. Kwa hiyo kikomo kikali tunakifungia ndani ya eneo la nywele tulilolichora kwa mkono, na kilicholegea tunakiacha kwa mwili wote. Keylight nayo husafisha kijani yenyewe bila kuulizwa, hivyo ukitaka kufanya kazi hii kwa mkono wako, weka View kwenye Intermediate Result, ambayo hukata bila kugusa rangi.

Kuondoa kijani kunaacha kiza, kwani sehemu kubwa ya mwanga tunaouona kwa macho imo kwenye kijani. Mbele ya ukuta mweusi hutagundua. Mbele ya anga la mchana, nywele zinapata pete nyeusi. Katika ile nukta ya nywele tuliondoa 57. Kiasi hicho kinaweza kutumika kama kipimo cha kurudisha mwanga: panapoondolewa kijani kingi, paongezwe rangi kidogo ya anga, pasipoondolewa kitu, pasiongezwe kitu. Anza na nusu ya kiasi hicho. Ukizidisha, kichwa kitawaka kama kina taa nyuma.

Yapo mambo ambayo programu haiwezi kuyarudisha. Simu nyingi hurekodi kwa mfumo wa 4:2:0, ambamo nukta nne hugawana taarifa moja ya rangi, hivyo ukingo wa nywele hutoka na ngazingazi hata mwanga ukiwa mzuri. Nyingine hunoa picha zenyewe na kuchora mstari mweupe kando ya kila unywele. Kama kamera inaruhusu kuzima kunoa, zima kabla ya kurekodi. Na mtu asogee mbali na kitambaa, angalau mita mbili, mwanga wa kijani umfikie ukiwa umedhoofika.

Usiidhinishe kazi kwa picha iliyosimama. Weka nyuma rangi ya kijivu, kisha nyekundu inayofichua kijani kilichobaki, halafu icheze video. Ukingo wa nywele ukichemka, yaani vinyweleo vinatokea na kutoweka kila fremu, chanzo mara nyingi ni chengachenga za kamera zilizopigwa penye mwanga hafifu. Zilainishe kwenye nakala inayotengeneza ramani peke yake, kisha ramani hiyo itumike kukata picha ya asili ambayo hujaigusa, ili ngozi na kitenge vibaki na ukali wake.