Baiti ya 255 na kasoro ya Bash ya mwaka 1996

Mwaka 1996 kitengo cha IBM kilichoshughulikia dharura za usalama wa kompyuta kilitoa tahadhari kuhusu Bash, programu inayopokea amri za mtumiaji kwenye mifumo ya Linux na kuzitekeleza. Baadaye mwaka huohuo CERT, kituo cha usalama wa kompyuta kilichokuwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, kikaisambaza tahadhari hiyo kwa upana zaidi. Mfano uliotolewa ulikuwa mfupi:

```
bash -c 'ls\377who'
```

Hapo `\377` inasimama mahali pa baiti moja yenye thamani 255. Kwa kawaida Bash ingetafuta amri moja yenye jina hilo la ajabu, isiione, na kulalamika. Badala yake ilitekeleza amri mbili: kwanza `ls`, inayoorodhesha mafaili, kisha `who`, inayoonyesha walioingia kwenye mfumo. Baiti ya 255 ilikuwa imegeuka kitenganishi cha amri, kazi ambayo hakuna aliyewahi kuipa.

Hatari yake ilikuwa kubwa kuliko mfano wenyewe. Wakati huo tovuti nyingi zilichukua maandishi aliyojaza mgeni kwenye fomu na kuyapitisha kwa Bash kama sehemu ya amri. Waandishi makini wa programu hizo walijua kuondoa alama ya nukta mkato, maana kila mtu alijua kwamba alama hiyo hutenganisha amri. Baiti ya 255 haikuwa kwenye orodha ya mtu. Mgeni aliyeiweka katikati ya jina lake angeweza kuifanya kompyuta ya tovuti itekeleze amri yoyote aliyoiandika baada yake.

Chanzo kilikuwa tangazo moja la aina ya data, ndani ya faili liitwalo `parse.y`. Ili kuona jinsi neno moja lilivyofungua mlango huo, inabidi kutazama kinachotokea namba ndogo inapohamishiwa kwenye nafasi pana.

Baiti ina biti nane, kwa hiyo ina mipangilio 256 tofauti ya sifuri na moja. Mipangilio hiyo inaweza kusomwa kwa njia mbili. Ya kwanza haina namba hasi: inaanzia 0 hadi 255. Ya pili inaanzia −128 hadi 127, na biti ya kushoto kabisa ikiwa 1, namba ni hasi. Thamani yake hupatikana kwa kutoa 256 kutoka kwenye usomaji wa kwanza. Kwa hiyo mpangilio `11111111` ni 255 kwa msomaji mmoja na −1 kwa mwingine. Ni sawa na mita ya kilomita ya gari yenye tarakimu tatu: ikirudishwa nyuma hatua moja kutoka 000 huonyesha 999, na 999 hiyo inaweza kuhesabiwa kuwa "moja pungufu ya sifuri". Baiti yenyewe haina mahali popote palipoandikwa isomwe vipi.

Sasa baiti hiyo inatakiwa kuingia kwenye nafasi ya biti 32. Biti nane za chini zinajulikana. Zile 24 za juu zijazwe na nini?

Ukizijaza sifuri unapata `0x000000FF`, ambayo ni 255. Huko ndiko kupanua kwa sifuri. Ukizijaza nakala ya biti ya kushoto kabisa, ambayo hapa ni 1, unapata `0xFFFFFFFF`, ambayo kwa biti 32 ndiyo −1. Huko ni kupanua kwa alama. Zote mbili ni sahihi, kila moja kwa msomaji wake. Kihisi cha joto kinachotuma baiti `0xFB` kwa maana ya nyuzi −5 kinahitaji kupanuliwa kwa alama. Ukijaza sifuri, friji itatoa ripoti ya nyuzi 251. Baiti ya rangi kwenye picha inahitaji sifuri, kwa sababu hakuna wekundu ulio hasi.

Kinachoificha kasoro ni kwamba kwa baiti kutoka 0 hadi 127 njia zote mbili hutoa jibu lilelile. Herufi `A` ni 65, biti yake ya kushoto ni 0, na kunakili sifuri ni sawa na kujaza sifuri. Programu inaweza kufanya kazi miaka mingi bila mtu kujua kwamba inapanua kwa njia isiyofaa.

Katika lugha ya C, mwandishi hachagui njia kwa kuitaja. Kompaila huiamua kwa kutazama aina ya kule thamani inakotoka, wala si kule inakokwenda. Kanuni hii ndiyo inayowaangusha hata wazoefu:

```c
signed char   a = -1;
unsigned char b = 255;
unsigned int  x = a;   /* 4294967295 */
unsigned int  y = b;   /* 255 */
```

Biti za `a` na `b` ni zilezile, na zote zinaingia kwenye aina isiyo na namba hasi. Lakini `a` imetoka kwenye aina yenye alama, basi alama yake inanakiliwa kwanza, na zile moja 32 zinazopatikana zinasomwa kama 4294967295.

Kompaila inapogeuza C kuwa asembli, uamuzi huo unaonekana waziwazi. Kwenye prosesa za Intel na AMD za biti 64 kuna amri mbili za kusoma baiti moja na kuiweka kwenye rejista ya biti 32:

```
movsbl (%rdi), %eax
movzbl (%rdi), %eax
```

Ya kwanza hunakili alama, ya pili hujaza sifuri. Tofauti ni herufi moja katika jina la amri, `s` au `z`. Kwenye asembli hakuna tena `signed` wala `unsigned`. Rejista ina biti tu, na maana yote imehamia kwenye amri iliyochaguliwa. Prosesa za ARM zina jozi yao, `ldrsb` na `ldrb`, na RISC-V zina `lb` na `lbu`. Anayeandika asembli kwa mkono anafanya uamuzi huu mwenyewe kila mara.

Turudi kwenye Bash. Sehemu iliyosoma amri ilifanya kazi hii, nikiifupisha:

```c
char *string;
int c;
c = *string++;
```

Kielekezi kinapita juu ya maandishi, kinachukua baiti moja, na baiti hiyo inawekwa kwenye `int`. Sababu ya kutumia `int` ni nzuri: msomaji anahitaji thamani 256 za baiti pamoja na moja ya ziada ya kusema "maandishi yamekwisha". Ya ziada ilikuwa −1. Lakini kwenye kompyuta ambazo `char` tupu ina alama, baiti ya 255 ilipanuliwa ikawa −1 kamili. Sehemu nyingine ya programu ikaona −1, ikaamini amri imekwisha, ikaitekeleza, kisha ikaendelea na kilichofuata kana kwamba ni amri mpya.

Marekebisho yalikuwa kuongeza neno moja: `unsigned char *string`. Baada ya hapo 255 hubaki 255, na −1 inabaki ya mwisho wa maandishi peke yake.

Hapa kuna mtego unaostahili kutazamwa polepole, kwa sababu mtu mwenye haraka angeandika hivi:

```c
c = (unsigned int)*string++;
```

Inaonekana kama dawa, na si dawa. Baiti inatoka kwenye `char` yenye alama, inapanuliwa kwa alama hadi 4294967295, na ikirudishwa kwenye `int` kwa kompaila za kawaida inakuwa −1 ileile. Ubadilishaji unaofaa ni `(unsigned char)*string++`: alama inaondolewa baiti ikiwa bado baiti, kabla ya kupanuliwa.

Sentensi "kwenye kompyuta ambazo `char` tupu ina alama" inahitaji nafasi yake. Sheria za C zinaiacha kila kompaila iamue kama `char` bila neno la ziada ina namba hasi au haina. Kwenye Linux ya prosesa za Intel na AMD ina alama. Kwenye Linux ya prosesa za ARM haina. Kwa hiyo mstari huu maarufu una ugonjwa tofauti kila unapokwenda:

```c
char c;
while ((c = getchar()) != EOF)
```

`EOF` kwa kawaida ni −1. Kwenye Intel, kitanzi husimama mapema kikikutana na baiti ya 255 ndani ya faili. Kwenye ARM, −1 ya mwisho wa faili inabanwa kuwa 255, inapanuliwa kwa sifuri ikabaki 255, haifanani na −1 kamwe, na kitanzi hakisimami. Kutangaza `int c` kunaponya yote mawili.

Mwandishi wa programu za Kiswahili ana sababu ya pekee ya kuwa mwangalifu. Herufi zetu zote ziko chini ya 128, basi majaribio ya majina kama Asha na Juma hayatagusa kamwe biti ya kushoto. Ila neno "ng’ombe" likiandikwa na programu ya ofisi, ile alama iliyopinda katikati yake kwa mpangilio wa UTF-8 ni baiti tatu: `E2 80 99`. Zikisomwa kwa alama ni −30, −128 na −103. Programu inayohesabu herufi kwa kuandika `hesabu[*p]++` itaongeza moja kwenye nafasi ya 30 kabla ya mwanzo wa jedwali lake, yaani kwenye kumbukumbu ya kitu kingine. Huenda isianguke papo hapo. Thamani ya jirani inaharibika, na kosa linaonekana mbali na lilikotokea.

Kompaila ya GCC hutoa onyo juu ya mstari huo ikipewa `-Wall`, kwa sababu ndani yake kuna `-Wchar-subscripts`, inayolalamika `char` tupu ikitumiwa kama namba ya nafasi. Haitalalamika juu ya mstari wa Bash, kwani kuweka `char` kwenye `int` ni halali kabisa. Kwa huo kuna jaribio rahisi: jenga programu mara mbili, mara moja kwa `-fsigned-char` na mara moja kwa `-funsigned-char`, kisha uilishe faili lenye baiti zote kutoka 0 hadi 255. Majibu yakitofautiana, mahali fulani pana `char` tupu inayopanuliwa bila mwandishi kuamua. Ukitaka kupaona, endesha `objdump -d` na utafute `movsbl` kwenye kazi inayosoma maandishi.