Igisoro kwa Wanaoanza

Mchezo wa mashindano yetu ndio ule jirani zetu wa Burundi na Rwanda wanaouita igisoro. Ubao una mistari minne ya mashimo manane, na mbegu ni 64. Mistari miwili iliyo upande wako ni yako. Weka mbegu nne katika kila shimo la mstari wa nyuma, ulio karibu na tumbo lako. Wa mbele ubaki mtupu.

Chukua mbegu za shimo moja, zisipungue mbili, uzipande mojamoja: nyuma kwenda kuume, mbele kurudi kushoto. Ya mwisho ikiangukia shimo lenye mbegu, chukua zote uendelee. Tuseme umeanza na shimo la nne kutoka kushoto. Ya mwisho inafika la nane, zinakuwa tano. Hizo unazipanda mbele, na ya mwisho inaanguka patupu. Zamu imekwisha.

Ugomvi uko kwenye kula. Ya mwisho ikiangukia shimo lako la mbele lenye mbegu, na mashimo mawili ya mwenzako yanayolikabili yote yana mbegu, unazila. Moja likiwa tupu, huli, unaendelea kupanda. Umekula tatu na tano? Hizo nane usizipande kuanzia ulipofikia. Rudi kwenye shimo ulilolichota mara ya mwisho, uanzie linalofuata. Basi weka kidole hapo kila unapochota; wawili wetu walisahau, wakabishana mpaka ugali ukaungua.

Anayebaki na mbegu mojamoja tu hana la kuchota: ameshindwa.