Mgeni Asiyeaga: Jinsi Tovuti Zinavyohesabu Ziara

Ukifungua tovuti ya habari, seva yake huandika kila unachobofya: kitambulisho cha kivinjari chako, ukurasa ulioufungua na saa. Ukiondoka, mara nyingi haiandiki kitu, kwa sababu hukuaga. Umeitia simu mfukoni tu. Kwa hiyo zile "ziara" zinazotajwa kwenye ripoti za tovuti hazikurekodiwa popote. Zimekisiwa kutokana na ukimya.

Tuseme msomaji mmoja amebofya saa 1:02 usiku, 1:05, 1:11, 1:48 na 1:50. Kompyuta hupanga mibofyo yake kwa mfuatano wa saa, kisha hupima pengo kati ya kila mbofyo na uliotangulia: dakika 3, 6, 37 na 2. Mbofyo wa kwanza hupewa 1, na kila unaofuata pengo linalozidi dakika 30 hupewa 1 pia. Mingine hupewa 0. Tunapata 1, 0, 0, 1, 0. Ukijumlisha hatua kwa hatua unapata 1, 1, 1, 2, 2, na hizo ndizo namba za ziara. Ziara ni mbili: moja ya dakika 9, nyingine ya dakika 2. Kikomo kingekuwa dakika 45, ingekuwa ziara moja ya dakika 48. Msomaji ni yuleyule, mibofyo ni ileile.

Hizo dakika 30 zimetoka wapi? Mwaka 1995 Lara Catledge na James Pitkow wa Georgia Tech, Marekani, walichunguza matumizi ya kivinjari na kukuta wastani wa dakika 9.3 kati ya tendo na tendo. Wakaongeza nafasi ya kutosha kwa wanaokawia, wakafika dakika 25.5. Wengine baadaye wakaikuza hadi 30, na hata leo Google Analytics huanza na kikomo hicho usipokibadilisha. Ni mazoea yaliyorithiwa kutoka enzi ambayo video za mtandaoni zilikuwa bado adimu.

Ndipo tatizo linapojitokeza. Huenda msomaji wetu hakuondoka kabisa saa 1:11. Alikuwa akitazama video ya mechi bila kugusa kioo. Dalili yake ni ziara nyingi "mpya" zinazoanzia kwenye ukurasa uleule ambapo zilizotangulia ziliishia. Hapo kuongeza kikomo kwa kubahatisha hakusaidii, kwa kuwa utawaunganisha pia walioondoka kweli na kurudi. Dawa iliyo bora zaidi ni kuifanya video itume ishara kila dakika inapocheza, ili ukimya uwe ukimya kweli.

Lakini kwenye makala ya maandishi pengo hubaki. Anayefungua habari moja, akaisoma yote mpaka nukta ya mwisho na kuondoka, kwa hesabu ya mibofyo pekee ziara yake huandikwa sekunde 0.