Hesabu ya Dhahabu ya Kabatini

Thamani ya pambo la dhahabu hutokana na gramu za dhahabu safi zilizomo ndani yake, si na uzito unaosomeka kwenye mizani ya sonara. Bangili ya karati 22 ina sehemu 22 za dhahabu kati ya 24, zilizobaki ni shaba au madini mengine. Ndiyo maana hupigwa muhuri wa 916. Pete yenye muhuri wa 750 ni ya karati 18, yaani robo tatu tu ndiyo dhahabu. Lahajedwali ya kufuatilia mali hii, iwe kwenye Excel au Google Sheets, huanzia hapo.

Kurasa mbili zinatosha. Wa kwanza, uitwao `Mali`, huwa na mstari mmoja kwa kila kitu kilichonunuliwa: safu A tarehe, B jina la kitu, C uzito kwa gramu, D karati, E gramu safi na F fedha zote zilizolipwa, ufundi ukiwemo. Safu E hujazwa na fomula:

```
=C2*D2/24
```

Tuseme bangili ya gramu 24, karati 22, ilinunuliwa tarehe 10 Januari kwa shilingi za Tanzania 6,000,000. Gramu zake safi ni 22. Tarehe 10 Machi ikaongezwa pete ya gramu 8, karati 18, kwa shilingi 1,500,000. Hiyo ina gramu safi 6. Pambo lenye vito hupunguziwa uzito wa vito kwanza.

Ukurasa wa pili, `Bei`, ndio unaohifadhi historia. Wengi hukosea hapa: huweka bei katika seli moja na kuifuta kila inapobadilika, kwa hiyo jana yote hupotea. Njia iliyo sawa ni kuongeza mstari mpya kila mwisho wa mwezi bila kugusa ya zamani. Safu A ni tarehe, B bei ya wakia moja kwa dola, C shilingi kwa dola moja. Zinazofuata, kuanzia D hadi H, hujikokotoa zenyewe:

```
D: =B2/31.1035*C2
E: =SUMIF(Mali!A:A,"<="&A2,Mali!E:E)
F: =D2*E2
G: =SUMIF(Mali!A:A,"<="&A2,Mali!F:F)
H: =F2-G2
```

D ni bei ya gramu moja safi kwa shilingi. Wakia ya dhahabu ni gramu 31.1035, si ile ya kawaida ya gramu 28.35, anayechanganya hizo mbili hujiona tajiri kwa karibu asilimia 10 asizokuwa nazo. E hujumlisha gramu zilizokuwapo hadi tarehe hiyo tu, na G gharama zake, hivyo pete ya Machi haiingii katika hesabu ya Januari. F ni thamani, H ni faida au hasara.

Sasa tuchukue bei za mfano. Tarehe 31 Januari wakia ni dola 2,800 na dola ni shilingi 2,500. Gramu safi inafika takriban shilingi 225,055, bangili ina thamani ya 4,951,000, na H inaonyesha hasara ya 1,049,000. Fomula haijakosea. Sehemu kubwa ya pengo hilo ni ufundi na faida ya duka, na fedha hizo kwa kawaida hazirudi wakati wa kuuza. Tarehe 31 Machi wakia imefika dola 3,100 na dola shilingi 2,600. Gramu safi ni 259,135, gramu 28 zina thamani ya 7,256,000, na hasara imeshuka hadi 244,000 hivi. Bei ya gramu imepanda asilimia 15, ingawa kwa dola imepanda chini ya 11: tofauti imeletwa na kushuka kwa shilingi, na safu B na C zikisomwa pamoja huliweka jambo hilo wazi.

Thamani ya F bado si fedha mkononi, kwani sonara hununua chini ya bei ya soko. Akishasema analipa asilimia ngapi, F huzidishwa kwa kiwango hicho, kwa mfano `0.93`.

Jumla ikigoma kubadilika baada ya kuongeza kitu, tarehe ndiyo ya kushukiwa kwanza. Tarehe iliyopokelewa kama maandishi hulala kushoto mwa seli, ya kweli hulala kulia, na `SUMIF` huiruka ile ya kwanza bila kutoa onyo.

Kitu kikiuzwa, mstari wake haufutwi. Huongezwa mstari mpya wenye tarehe ya mauzo, uzito ule ule ukiwa na alama ya kutoa, na katika F gharama yake ya awali, nayo ikiwa na alama ya kutoa. Fedha iliyopokelewa huandikwa safu G ya ukurasa huo huo wa `Mali`.