Kwanza Ardhi, Kisha Shimo

Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi alieleza hali ya mtu kuzama katika shughuli hadi asitambue muda unavyopita. Hutokea pale ugumu unapolingana na uwezo wake: ukizidi anaingiwa na wasiwasi, ukipungua anachoshwa. Na kwa kuwa mchezaji hujifunza kadiri anavyocheza, mbunifu wa michezo ya video hana budi kuupandisha ugumu sambamba naye.

Unayeanza ubunifu, itazame hatua ya kwanza ya Super Mario Bros., mchezo wa Nintendo wa mwaka 1985. Kuelekea mwishoni kuna ngazi mbili, moja ya kupanda na nyingine ya kushuka, na katikati ni ardhi. Mchezaji akiruka vibaya huanguka, akaruka tena akatoka, bila kupoteza uhai. Mbele kidogo anakuta ngazi kama zile, ila safari hii katikati pana shimo. Mruko ni uleule na vidole vimeshauzoea. Kilichoongezeka ni gharama ya kukosea tu. Kwangu mimi, hakuna somo lililo wazi kuliko hilo.

Wabunifu wengi wapya huanza na shimo, kwa sababu wao wenyewe wameshalizoea. Basi mpe hatua yako mtu asiyewahi kuicheza, ukae kimya. Akifa hapo mara kwa mara, mtangulizie mahali salama pa kujaribia. Akipita bila hata kupunguza mwendo, panua shimo.